Dagaa wa milioni 5, malipo ya aina nne: ipi hapo ni fedha?

Mteja yuko Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Anataka dagaa wa shilingi milioni 5, na boti inaondoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, jioni. Anasema atalipa utakavyo: shilingi kwenye simu kupitia ndugu yake anayekaa Mwanga hapa Kigoma, dola taslimu mkononi mwa nahodha, USDT ile sarafu ya kidijitali inayofuata dola, au bitkoini. Ukipiga hesabu kwa bei za siku hiyo, zote nne zinafika milioni 5. Sasa uchague.

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ina makato madogo au ipi inafika haraka. Mimi naona kuna swali linalotangulia hilo: kati ya hizo nne, ipi ni fedha, na ipi ni mali inayouzika tu? Maana ukipokea fedha, biashara yako imeisha. Ukipokea mali, hata iwe nzuri namna gani, umebadilisha dagaa kwa bidhaa nyingine na kazi ya kuiuza bado iko mabegani mwako.

Wachumi huipa fedha kazi tatu. Kwanza itumike kulipia, yaani unayempa aipokee kwa sababu anajua na wa mbele yake ataipokea. Pili itumike kupangia bei na kuandikia madeni. Tatu itunze thamani, usilale tajiri ukaamka maskini. Shuleni tulizikariri kana kwamba zina uzito sawa. Kwa mtu anayefanya biashara ya mkopo, ile ya pili ndiyo inayoamua, na kipimo chake kipo kwenye daftari la mali kauli. Fungua daftari la mwenye mzigo yeyote hapa mwaloni uone madeni yameandikwa kwa kipimo gani. Hicho alichokiandika ndicho fedha yake. Vingine vyote anavipokea kwa kuvigeuza kichwani kwenda kwenye hicho.

Fedha isiyo na mwenyewe tumewahi kuwa nayo

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya sarafu za kidijitali ni kwamba hazina benki kuu nyuma yake. Kwa mtu wa Kigoma hoja hiyo peke yake haina nguvu sana, kwa sababu soko la Ujiji liliwahi kuendeshwa kwa fedha isiyotolewa na serikali wala benki yoyote.

Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji Februari 1874, alikuta watu wakinunua na kuuza kwa shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko lililovunjika. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko iliyojaa shanga waliwapa wanunuzi sofi kwa kubadilishana na walichokuja nacho. Soko lilipokwisha, watu haohao walizipokea tena sofi kutoka kwa wauzaji. Walipata faida soko likianza, wakapata tena likiisha. Hawa ni wabadilishaji fedha kabisa, wale tunaowaona leo wakikaa na mabunda ya franka.

Miaka michache baadaye Edward Hore, baharia wa misheni aliyefika Ujiji 1878, aliandika mpaka viwango. Uzi mmoja ulikuwa na shanga 20, nyuzi 10 zilifanya fundo moja, na doti moja ya nguo, yaani yadi 4, ilipata kati ya fundo 9 na 11, ikitegemea wingi wa mali sokoni siku hiyo. Piga hesabu: doti moja ilikuwa shanga kati ya 1,800 na 2,200. Kiwango kilipanda na kushuka kila siku, lakini ndani ya wigo ambao mtu angeweza kuuzoea.

Nani alizitoa shanga hizo? Hakuna. Zilitengenezwa ng'ambo, zikashushwa pwani, zikapandishwa na wapagazi kupitia Unyanyembe, Tabora ya leo. Hakuna mtawala aliyezipiga muhuri wala aliyeahidi kuzilipa. Zilikuwa fedha kwa sababu mbili zinazoonekana wazi kwenye maelezo ya Cameron: kila muuzaji alitaja bei kwa sofi, na soko lilipokwisha palikuwa na mtu wa kuzipokea zote. Sababu ya pili ndiyo inayosahaulika. Muuza samaki hakuwa na wasiwasi wa kubaki na mfuko wa shanga, kwa kuwa soko likiisha angezirudisha na kuondoka na kitu alichokitaka. Utajiri wenyewe ulikaa kwenye nguo, pembe na ng'ombe. Sofi ilifanya kazi mbili za kwanza, na ile ya kutunza thamani ikaachiwa mali nyingine.

Mipaka yake ilikuwa ya kijiografia. Shanga iliyopendwa soko moja iligomewa soko la pili, na misafara iliyobeba rangi isiyotakiwa ilijikuta na mzigo wa bure njiani. Fedha isiyo na mtoaji husimama pale tu watu waliokubaliana wanapoishia.

Na fedha yenye mwenyewe ilikufa Tabora

Upande wa pili wa shilingi hiyo unapatikana Tabora. Rupia ya Wajerumani haikushinda shanga kwa uzuri wake. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, kijijini ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Mwanzoni watu waliweza kulipa kwa mazao au kwa kazi, baadaye ikadaiwa taslimu. Mwenye nyumba akalazimika kuitafuta rupia hata kama hakuwa na haja nayo sokoni, na kwa kuwa kila mtu aliitafuta, kila mtu akaanza kuipokea. Hiyo ndiyo nguvu ya mtoaji: anaumba wateja wa fedha yake kwa kudai kodi kwa fedha hiyohiyo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokata njia za baharini, sarafu zilikauka. Zikachapishwa noti za muda, na mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Ilitoa vipande vidogo vya rupia, heller 5 na heller 20 za shaba, na ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ikiwa na herufi T ya Tabora. Septemba 19, 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia mjini.

Sasa fikiria watu wawili siku iliyofuata. Mmoja ana noti, mwingine ana ile ya tembo, yenye gramu 7 na ushei, robo tatu yake dhahabu. Mwenye noti ameshika ahadi ya serikali inayokimbia kuelekea kusini. Mwenye dhahabu ameshika kitu ambacho sonara wa Kihindi angekipima na kukilipia bila kuuliza nani ameshinda vita. Watetezi wa bitkoini wakisema kwamba fedha ya serikali ina afya kadiri serikali yenyewe ilivyo na afya, Tabora inawapa haki. Hoja hiyo nisiidharau, hasa kwa watu wanaofanya biashara na Kongo, jirani ambaye fedha yake imebadilishwa mara kadhaa ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai.

Kwa jirani huyo kuna kisa kingine kinachofundisha zaidi. Oktoba 1993 serikali ya Mobutu ilileta zaire mpya kuchukua nafasi ya ile ya zamani. Watu wa eneo la Kasai waliikataa, wakaendelea kwa miaka kutumia noti za zamani ambazo serikali yenyewe ilishazikana. Noti zile sasa hazikuwa na mtoaji, na kwa kuwa hakuna aliyeziongeza, zilishika thamani kuliko mpya zilizokuwa zikichapwa bila breki. Angalia lakini zilianzia wapi. Bei za Kasai, madeni ya Kasai na mazoea ya mkono vilikuwa tayari kwenye noti hizo. Mtoaji alipoondoka, daftari lilibaki.

Kwa hiyo kukosa mtoaji si dosari inayotosha kuiangusha bitkoini. Tuipime kwa kingine.

Bitkoini mbele ya kipimo

Kwenye sifa za mwili wa fedha, bitkoini inafaulu vizuri kuliko chochote kilichowahi kupita Ujiji. Haibebwi na mpagazi. Inagawanyika vipande milioni 100, kila kimoja kikiitwa satoshi. Idadi yake imefungwa kwenye programu: haitazidi milioni 21, na zinazoingia sokoni hupunguzwa nusu kila baada ya bloku 210,000, yaani mafungu ya miamala, karibu kila miaka minne. Aprili 2024 zawadi ya mchimbaji, yaani mwenye kompyuta inayofunga bloku, ilishuka kutoka bitkoini 6.25 hadi 3.125. Hakuna gavana wa kuichapa usiku.

Kughushi nako kumedhibitiwa, ila kwa utaratibu ambao muuzaji lazima auelewe. Mteja akituma, malipo huonekana kwenye pochi yako ndani ya sekunde chache yakiwa hayajathibitishwa. Hapo bado ni tangazo tu. Mwenye ujanja anaweza kutuma tangazo la pili linalopeleka fedha hiyohiyo kwake mwenyewe kwa ada kubwa zaidi, na wachimbaji wakachukua la pili. Malipo hukaa imara yanapoingia kwenye bloku, wastani wa dakika 10, na kila bloku inayofuata inaongeza ugumu wa kuyafuta. Kwa mzigo wa milioni 5 subiri uthibitisho angalau wa tatu. Wengine husubiri sita, ambao ni kama saa nzima. Boti isifunguliwe kamba kwa sababu mteja amekutumia picha ya skrini.

Ada ya mtandao hufuata ukubwa wa data ya muamala, haifuati kiasi cha fedha. Kutuma thamani ya milioni 50 kunaweza kugharimu sawa na kutuma elfu 50. Mtandao unabeba miamala michache tu kwa sekunde, kama 7, na watu wakijazana ada hupanda kama mnada. Aprili 20, 2024 wastani wa ada kwa muamala ulipita dola 100. Siku ya namna hiyo, bidhaa za sokoni Mwanga zote hazina maana kulipiwa kwa njia hii. Upo mtandao wa pembeni uitwao Laitningi unaofanya malipo madogo kwa ada ndogo, ila pande zote mbili ziwe na pochi zinazoukubali.

Tuje kwenye daftari. Sema mteja alipokea mzigo kwa mali kauli, alipe baada ya siku 11, na mkaandika deni kwa bitkoini badala ya shilingi. Juni 7, 2022 bitkoini moja ilikuwa karibu dola 30,000. Juni 18 ilikuwa chini ya dola 19,000. Mteja ni mwaminifu, amelipa tarehe ileile na kiasi kilekile kilichoandikwa, na wewe umepokea kitu cha milioni 3 na laki moja hivi badala ya milioni 5. Hujadhulumiwa na mtu. Mzigo ulinunuliwa kwa milioni 4 na nusu kutoka kwa wavuvi wanaodai shilingi, basi umepoteza karibu milioni 1.4 kwa kuandika kipimo kisichokaa.

Geuza sasa, uwe wewe unayedaiwa. Novemba 5, 2024 bitkoini ilikuwa karibu dola 69,000. Novemba 13 ilishapita 90,000. Aliyekopa mzigo wa milioni 5 na deni likaandikwa kwa bitkoini alitakiwa atafute zaidi ya milioni 6 ndani ya siku nane, wakati dagaa aliowauza hawakupanda bei hata shilingi. Mfanyabiashara gani wa jumla ana faida ya kumeza hilo? Kwa asilimia 8 au 10 ya faida, deni la aina hiyo linafilisi mtu aliyefanya kila kitu sawasawa.

Watu husema bei itatulia soko likikua. Inawezekana ikapungua kuruka, lakini sababu kubwa imo ndani ya muundo wenyewe. Sofi zilipoadimika Ujiji na thamani yake kupanda, ilikuwa faida kwa misafara kuleta nyingine, na bei ikarudi chini. Benki Kuu nayo, fedha ikiwa adimu au nyingi kupita kiasi, ina riba na njia nyingine za kuiongeza au kuivuta. Bitkoini haina kamba ya namna hiyo. Wanaoitaka wakiongezeka mara mbili, haizalishwi haraka zaidi. Programu hurekebisha ugumu wa uchimbaji kila bloku 2,016 ili kasi ibaki ileile. Idadi haisogei, basi bei ndiyo inayosogea yote. Ule ukomo wa milioni 21 unaowavutia wanaoweka akiba ndio unaoinyima kazi ya kupimia bei. Ni rula ambayo sentimita zake zinavutika kila watu wanapoigombania.

Ndiyo maana hata maduka yanayoipokea duniani huandika bei kwa dola au fedha ya nchi, na bitkoini hukokotolewa sekunde ya kulipa. El Salvador ilijaribu kwa nguvu ya sheria: Septemba 2021 ikaifanya fedha halali, ikagawa dola 30 kwa kila aliyefungua pochi ya serikali. Mishahara na bei vilibaki kwenye dola, na Januari 2025, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, sheria ikabadilishwa ili mfanyabiashara asilazimike tena kuipokea. Mtoaji aliilazimisha fedha isiyo yake, na madaftari hayakufuata.

Hukumu yangu ni kwamba inafaulu kulipia pale wawili walipokubaliana, inafaulu nusu kutunza thamani kwa mwenye subira ya miaka na moyo mgumu, na inaanguka kwenye kupangia bei na kuandika madeni. Kwa hapa kwetu inaitwa mali. Hata sheria inaitendea hivyo: Novemba 12, 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu za aina hii hazitambuliki kisheria na kwamba fedha halali ni shilingi, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi si sawa na kukubaliwa kuwa fedha, ingawa matapeli wengi wa vikundi vya simu huyachanganya mawili hayo kwa makusudi.

USDT: haimo kwenye kundi hili

Watu wengi huiweka kapu moja na bitkoini kwa sababu zote zimo kwenye simu. Kwa swali letu ni vitu viwili tofauti kabisa. USDT ina mtoaji, kampuni iitwayo Teza, inayoahidi kwamba kila moja ina thamani ya dola moja nyuma yake. Kampuni hiyo inaweza kuifunga anwani yoyote isitoe kitu, na imeshafanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Kwa hiyo aliyekimbia benki kwa kuogopa kufungiwa akaunti, akaingia USDT, hajakimbia mbali.

Kwenye daftari inafaulu kwa kuazima kipimo cha mwingine. Deni la USDT 1,900 ni deni la dola 1,900. Hatari yake ni ya ahadi, kama noti ya Tabora. Machi 2023 dada yake, USDC, inayotolewa na kampuni nyingine, ilishuka hadi kama senti 88 za dola kwa sababu sehemu ya akiba yake ilikwama kwenye benki ya Marekani iliyofilisika. Ilirudi baada ya siku chache serikali ya huko ilipowahakikishia wenye amana fedha zao. Aliyelazimika kuuza wikiendi ile alikula hasara yake.

Kuna jambo dogo la mikono linaloangusha wengi. USDT husafiri kwenye mitandao tofauti, na anwani hazifanani: ya Troni huanza na herufi T, ya Itheriamu huanza na 0x, na za bitkoini huanza na 1, 3 au bc1. Mteja akiambiwa atume kwa mtandao mmoja akachagua mwingine, fedha yaweza kwenda mahali ambapo pochi yako haiioni, na hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kuirudisha. Mwambie atume kiasi kidogo kwanza, kikifika ndipo atume kilichobaki. Hapo ndipo mwenye pochi yake mwenyewe, aliyeyaandika maneno 12 au 24 ya siri kwenye karatasi, anapoona tofauti na wakala wa mtaani: uhuru wote ni wake, na kosa lote ni lake.

Shilingi ya simu na dola taslimu, kwa haraka

Salio la simu ni shilingi kabisa. Kampuni ya simu inatakiwa kuweka benki, kwenye akaunti ya amana, shilingi zinazolingana na salio la wateja wote. Ndiyo maana wakala akikupa taslimu hakuna anayeuliza bei ya leo. Udhaifu wake ni makato, ukomo wa kiasi kwa siku, na wakala ambaye hana floti jioni boti zinapojaa. Thamani yake si jiwe: dola moja ilikuwa kama shilingi 2,330 mwanzoni mwa 2023, na katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Ni hasara, lakini imechukua mwaka na nusu, na mfumuko wa bei za ndani ulikuwa kama asilimia 3 kwa mwaka. Kwa deni la wiki mbili hausikiki.

Dola taslimu ndiyo rula ya ng'ambo ya ziwa. Kongo bei nyingi za jumla hutajwa kwa dola. Shida yake ni karatasi yenyewe. Noti yenye mchaniko wa ukucha, yenye wino au ya toleo la zamani hugomewa kule, na ukiipokea hapa utaipeleka duka la kubadilishia fedha kwa bei ya huruma. Zishike moja moja mbele ya nahodha kabla hajaondoka. Na ukumbuke kanuni za Machi 2025 zinazokataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni: dola ya mteja wa Kalemie haikupi ruhusa ya kumtajia bei kwa dola mnunuzi wa Kasulu.

Basi nichukue ipi?

Kama mzigo ujao unaununua wiki hii kwa wavuvi wa hapa, chukua shilingi. Wavuvi, ushuru wa halmashauri, mafuta ya karabai na vibarua wa kuanika, vyote vinadai shilingi, na fedha nzuri ni ile ambayo madeni yako mwenyewe yameandikwa kwayo. Kama nawe unanunua bidhaa Kongo, chukua dola safi kwa kiasi cha manunuzi hayo tu.

USDT ichukue pale mteja hana njia nyingine na unaye mtu wa kuigeuza siku hiyohiyo. Ukiigeuza kwa kuuziana mtu na mtu kwenye programu za simu, usiachie sarafu kwa kutazama ujumbe wa malipo. Fungua menyu ya simu uangalie salio, kwa sababu ujumbe hutengenezwa. Na jina la aliyetuma lilingane na jina la mnayeuziana, la sivyo unaweza kupokea shilingi zilizoibwa kwa mtu na akaunti yako ikazuiwa.

Bitkoini ichukue kama unataka kuwa nayo, kwa faida ambayo hutaihitaji kwa miaka, na kwa kiasi ambacho kikipungua nusu dagaa wataendelea kununuliwa. Mtaji wa mzunguko usiuguse. Nitabadilisha mawazo siku nitakapomkuta mtu mwaloni anakopesha mzigo kwa bitkoini na mkopaji anakubali bila kuuliza "sawa na shingapi?" Hadi sasa swali hilo hutoka kinywani kabla ya salamu kuisha.

Mteja akisisitiza kulipa kwa bitkoini na hutaki kumpoteza, usibishane naye juu ya njia. Bishana juu ya namna deni linavyoandikwa. Kwenye daftari, mbele ya shahidi, naandika hivi:

Deni: shilingi 5,000,000. Mwisho wa kulipa: tarehe fulani. Mdaiwa akilipa kwa bitkoini, hesabu ifanywe kwa bei ya saa malipo yalipopata uthibitisho wa tatu, kwa soko tulilokubaliana. Ada ya mtandao na gharama ya kugeuza ni juu ya mdaiwa. Pungufu ya milioni 5 itajaziwa, ziada itarudishwa.